Maktaba ya Konza isingoje basi

Jina la Konza limevuma mara mbili katika historia ya nchi hii. Mara ya kwanza ni pale reli iliyotoka Mombasa ilipoupita mji wa Machakos pembeni na kufika Nairobi mwaka wa 1899. Baadaye Konza ikawa njia panda, mahali ambapo reli ya kwenda Magadi inaachana na ile kubwa. Mara ya pili ni Januari 2013, Rais Mwai Kibaki alipozindua ujenzi wa mji wa teknolojia kwenye ekari 5,000 za uwanda huo, mahali ambapo Machakos, Makueni na Kajiado zinakaribiana. Leo pana kituo cha kuhifadhi data cha kisasa. Lakini mtoto wa mfugaji anayeishi kilomita kumi kutoka hapo, ng'ambo ya reli, atatembea sana kabla ya kupata kitabu cha hadithi cha kuazima.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, maktaba ni mojawapo ya huduma zilizokabidhiwa kaunti. Basi hapana shaka swali la jinsi ya kuwafikishia vitabu watu walio mbali na mji ni swali la serikali ya kaunti na wakazi wake. Na kila swali hili linapozuka, jibu linalotangulia midomoni mwa watu ni moja: linunuliwe basi, lipakwe rangi nzuri, litiwe rafu ndani, lizunguke shuleni. Mimi nasema kwamba kwa Konza jibu hilo si sahihi. Na sababu yake si uhaba wa fedha peke yake. Sababu ni udongo.

Sehemu kubwa ya uwanda wa Kapiti, ambao Konza imekaa juu yake, ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa ambazo mtu aweza kutia mkono ndani yake, na gari hupita juu yake likirusha vumbi kama kwamba liko barabarani. Ikinyesha, mfinyanzi hunywa maji, huvimba, na kugeuka kitu kinachonata kama ugali usioiva. Nusu saa ya mvua nzito yatosha. Tope hujaza nafasi iliyo kati ya gurudumu na bodi ya gari mpaka gurudumu lisizunguke tena. Wenyeji wana alama yao ya kupatambua mahali hapo hata jua likiwaka: ni pale palipojaa vichaka vya miiba yenye vinundu vyeusi vilivyo na matundu, wanamokaa sisimizi, ambavyo upepo ukivipitia hupiga mbinja. Miti hiyo hupenda mfinyanzi mweusi. Dereva mgeni aonaye miti hiyo pande zote mbili za njia, na wingu limetanda juu ya vilima vya Mua, na ageuze gari mapema.

Basi la maktaba lenye uzito wa tani kadhaa litapita vizuri kwenye barabara ya lami ya Mombasa, litafika Makutano ya Kyumbi na hata stesheni ya Konza bila taabu. Lakini walio kando ya lami si ndio wanaohitaji maktaba ya kutembea kuliko wengine. Wao wana matatu. Wanaohitaji ni wale walio ndani, na huko ndiko basi litakakokwama.

Tena litakwama kwa wakati mbaya. Tazama kalenda. Mvua za masika katika Machakos huwa nyingi zaidi mwezi wa Aprili, na za vuli huwa nyingi zaidi Novemba. Miezi hiyo miwili ndiyo ambayo shule zetu huwa zimefungwa, Aprili kwa likizo fupi na Novemba kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Maana yake ni kwamba mtoto anapopata wakati wa kusoma kwa raha yake, gari haliwezi kumfikia. Na gari linapoweza kumfikia, ana vitabu vya darasa mkononi na mtihani machoni. Maktaba inayofuata ratiba ya shule na barabara kavu itakuwa imefunga milango yake katika majuma ambayo ingefaa zaidi. Hilo ndilo tatizo ambalo wapangaji wa huduma hii hawana budi kulitatua kwanza, kabla ya kuuliza bei ya gari.

Waliotangulia walilitatua kwa njia zao. Shirika la Maktaba la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya 1965, lilipotaka kuwafikia wafugaji wa Garissa ambako magari yanazama mchangani, lilianzisha mwaka wa 1996 maktaba ya ngamia. Lilianza na ngamia watatu. Mmoja alibeba vitabu, takriban 400, katika masanduku mawili yaliyofungwa huku na huku; mwingine alibeba hema, na wa tatu vifaa vinginevyo. Hema likisimikwa na mkeka ukitandazwa, hapo pamekuwa maktaba. Huko Zimbabwe, katika wilaya ya Nkayi, mikokoteni ya kukokotwa na punda imefanya kazi hiyo hiyo tangu miaka ya 1990. Na mbele ya hao wote, Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka wa 1948, lilikuwa likipeleka visanduku vya vitabu mashambani na kuwaazima wasomaji kwa njia ya posta. Wengi husifu ngamia kwa sababu anapendeza katika picha. Mimi naona funzo kubwa zaidi liko katika kile kisanduku, kwa sababu ndicho pekee kinachobaki na msomaji baada ya mnyama au gari kuondoka.

Tuchukue mfano wa hesabu, ili mtu asidhani kwamba haya ni maneno matupu. Tuseme maktaba inaanzia Machakos na ina vituo vinne katika upande wa Konza, kila kituo kikitembelewa mara moja kila baada ya siku 14. Tuseme kila kituo kina wasomaji 60, na kila msomaji anaruhusiwa vitabu viwili. Kituo kimoja basi kitakuwa na vitabu 120 nje, na vituo vinne 480. Lakini vitabu hivyo havimo garini. Msomaji anayekuja kuchagua anahitaji kuona vingi kuliko vile vitakavyochukuliwa, la sivyo aliye mwisho wa foleni ataambulia kamusi iliyochanika. Kwa kadiri yangu, gari lisifike kituoni na chini ya mara tatu ya vitabu vinavyotarajiwa kuazimwa, yaani 360. Jumla ni vitabu 840 kwa huduma ndogo kama hiyo. Anayenunua vitabu 400 kwa kuwa ndivyo gari linavyoweza kubeba, ataona rafu zimebaki tupu kabla hajamaliza mzunguko wa kwanza.

Vitabu 360 vina uzito gani? Kitabu chembamba cha hadithi za watoto hakifiki gramu 150, na riwaya ya kurasa 300 huwa kama gramu 400. Tukikadiria gramu 250 kwa wastani, ni kilo 90 tu, mzigo wa mtu mmoja mnene. Kwa hivyo hakuna haja ya basi. Pikapu ndogo iliyofunikwa yatosha sana wakati wa kiangazi, na ikikwama watu wanne wanaweza kuisukuma.

Na mvua ikinyesha? Hapo ndipo kisanduku kinapoingia, pamoja na punda ambaye katika Ukambani hubeba mitungi ya maji kila siku, wala haombi mshahara wa dereva. Punda wetu wa kawaida ana uzito wa kilo 150 hivi, na si haki kumtwika mgongoni zaidi ya thuluthi ya uzito wake, yaani kilo 50. Sanduku la mbao nyembamba lenye vitabu 60 vya wastani lina kilo 15 za vitabu na kama kilo 7 za sanduku lenyewe. Masanduku mawili, moja kila upande, ni kilo 44. Punda mmoja basi hubeba vitabu 120 kwa njia za miguu ambazo pikapu haithubutu. Mkokoteni hungebeba vingi zaidi, lakini magurudumu ya mkokoteni hunaswa na tope lile lile. Bodaboda pia hunaswa, kwani tope hujaa chini ya kinga ya gurudumu la mbele na dereva akaanguka pamoja na mzigo. Sharti moja halina msamaha: masanduku yawe na uzito sawa. Likizidi moja kwa kilo tatu tu, matandiko hupinda, ngozi huchubuka, na kesho huna punda.

Lakini hata punda asitumike kila juma. Shabaha ni kwamba katika safari ya mwisho kabla ya mvua, mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, kila kituo kiachiwe kisanduku cha vitabu 60 juu ya vile ambavyo wasomaji wameazima. Kisiachwe shuleni, kwa maana shule inafungwa na ufunguo unaondoka na mwalimu. Kiachwe kwa mtu ambaye mlango wake u wazi wakati wa likizo: kanisani, katika ofisi ya chifu, au kwa mwenye duka. Nawajua wataalamu watakaopinga kwamba mwenye duka si mkutubi. Ni kweli, lakini yupo, na mkutubi hayupo.

Je, mwenye duka ataweka vipi kumbukumbu za maazimo? Hili ndilo jambo la pili, nalo huharibu maktaba nyingi kimyakimya kuliko mvua. Mtindo unaowajia watu upesi ni daftari: jina la msomaji, jina la kitabu, nambari, tarehe, sahihi. Kuandika mstari mmoja huchukua dakika moja na zaidi kwa mtoto asiyejua kutaja jina lake kamili. Wasomaji 60 wakichukua vitabu viwili kila mmoja, ni mistari 120. Tena kabla ya hapo wamerudisha vitabu 120, na kwa kila kimoja sharti karatasi zifunuliwe nyuma kutafuta mstari wake na kuukata. Hayo ni zaidi ya saa nne, ilhali gari limekaa kituoni saa mbili na nusu. Matokeo yake ni kwamba mkutubi, akiona jua linateremka, huacha kukata mistari ya vitabu vilivyorudi. Baada ya miezi mitatu daftari linasema watoto wanadaiwa vitabu ambavyo viko rafuni. Watoto waaminifu wanaaibishwa mbele ya wenzao, na hawaji tena.

Kuna mtindo wa zamani uliobuniwa na Nina Browne, mkutubi wa Marekani wa karne ya 19, ambao ulitumika katika maktaba nyingi za Kenya kabla ya kompyuta. Haudai kuandika neno lolote wakati wa kuazima. Kila kitabu kina kadi ndogo yenye nambari yake, jina la mwandishi na jina la kitabu, nayo hukaa katika mfuko wa karatasi uliogundishwa ndani ya jalada. Kila msomaji naye ana tikiti mbili zenye jina lake, zilizotengenezwa kama vibahasha. Msomaji akichagua kitabu, mkutubi huchomoa kadi ya kitabu, huitia ndani ya tikiti ya msomaji, hupiga mhuri wa tarehe ya kurudisha kwenye karatasi iliyo kitabuni, basi. Tikiti yenye kadi huwekwa trei. Kitabu kikirudi, kadi hutafutwa, hurudishwa mfukoni mwake, na msomaji hupewa tikiti yake. Asiye na tikiti mkononi hana ruhusa ya kuazima, na wala hapana haja ya kubishana naye. Kazi yote kwa kitabu kimoja haifiki nusu dakika. Vitabu 120 vya kurudishwa na 120 vya kutolewa humalizika kwa saa mbili, na mkono wa pili ukisaidia ni muda mfupi zaidi.

Katika maktaba ya mjini trei hupangwa kwa tarehe. Maktaba ya Konza isifanye hivyo. Trei ipangwe kwa kituo, na ndani ya kituo kwa nambari za vitabu. Tarehe iandikwe mara moja tu, kwenye kibao kinachotangulia kadi za kituo hicho. Faida yake huonekana siku gari linaposhindwa kufika. Mjini, msomaji aliyechelewa amechelewa yeye. Kijijini, aghalabu maktaba ndiyo iliyochelewa. Kwa mpango huu mkutubi hubadilisha tarehe kwenye kibao kimoja, na wasomaji wote 60 wamesogezewa mbele bila faini wala lawama. Na kwa kuwa siku ya kurudisha ni siku ya gari kuja na si vinginevyo, mtoto hana haja ya kukumbuka tarehe. Atasikia honi, au ataona punda.

Kila kisanduku kinachoachwa nacho kiwe na trei yake ndogo. Mwenye duka hana la kujifunza ila kuhamisha kadi kutoka kitabuni kuingia katika tikiti, na kuirudisha. Huweza kufundishwa kwa muda wa kunywa chai.

Mtindo huu una kasoro moja ambayo lazima itajwe. Kitabu kikisharudi na kadi ikarudi mahali pake, hakuna kumbukumbu inayobaki ya nani aliyekuwa nacho. Ikigunduliwa kesho kwamba kurasa kumi zimenyofolewa, hujui wa kumwuliza. Kwa sababu hiyo kitabu kipekuliwe kabla ya tikiti kurudishwa, si baadaye: kishikwe kwa mgongo, kitikiswe, kipeperushwe kurasa zake mbele ya msomaji. Sekunde kumi hizo zina thamani kuliko daftari zima.

Kasoro za trei nazo zina dalili zake. Kila mwisho wa mzunguko, hesabu kadi zilizomo treini, ongeza vitabu vilivyo rafuni na visandukuni na vilivyo katika matengenezo. Jumla iwe 840, au pungufu kwa idadi ya vitabu ambavyo tayari vimeandikwa kuwa vimepotea. Ikizidi, basi kuna kadi treini ilhali kitabu chake kiko rafuni: kimerudishwa bila kadi kuondolewa, na kuna mtoto anayenyimwa tikiti yake bure. Ikipungua, kitabu kimetoka bila kadi kuchomolewa, au kimeibwa. Katika hali zote mbili kosa ni la siku 14 zilizopita tu, na laweza kufuatiliwa. Lisipohesabiwa kwa mwaka mzima, halifuatiliki tena.

Trei yenyewe iwe na kifuniko, na pawe na fimbo ya chuma inayopita katika matundu ya kadi, maana upepo wa uwanda wa Kapiti mwezi wa Agosti hauna adabu. Jioni mkutubi apige picha za kadi zote kwa simu. Trei ikianguka mtoni, kumbukumbu haijafa. Lakini picha hizo zina majina ya watoto na vitabu wanavyosoma, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yahesabu hayo kuwa habari za mtu binafsi, ambazo kwa mtoto huhitaji idhini ya mzazi. Fomu ya kujiunga iwe na sahihi ya mzazi kwa ajili hiyo, na picha zisipelekwe kwenye kundi la mtandaoni la walimu.

Sasa nigeukie hali ya hewa. Watu huogopa mvua, nao wana haki. Lakini katika Konza vumbi na jua huua vitabu vingi kuliko maji, kwa kuwa hufanya kazi kila siku bila kelele. Vumbi la mfinyanzi ni laini kama unga. Huingia kati ya kurasa kila kitabu kinapofunguliwa, na kwa kuwa ni mchanga mdogo sana hukwaruza karatasi na kukata nyuzi za mgongo. Lisifutwe kwa kitambaa chenye maji, kwani hapo hugeuka tope na kuacha doa lisilotoka. Kitabu kishikwe kikiwa kimefungwa imara, kisha ukingo wake upigwe brashi kavu kuelekea nje. Jua nalo huikausha gundi ya mgongo mpaka ikavunjika. Kitabu kinachotoa sauti ya kukatika kinapofunguliwa kimeshaanza kufa. Pikapu isiegeshwe juani, na sanduku la bati lisitumike. Bati huwa tanuri mchana, na katika asubuhi za baridi za Julai hutoa jasho ndani, matone ambayo mtu hudhani ni mvua iliyovuja. Mbao nyembamba zilizopakwa rangi, zenye vijiti chini ili sanduku lisiguse ardhi wala mchwa wasiingie, ni bora na nyepesi. Juu yake turubai, lakini sanduku lisifungwe kwa plastiki pande zote, kwa maana unyevu ulioingia hautapata pa kutokea na ukungu utaota.

Hatari nyingine iko njiani kati ya kituo na nyumbani. Zamani mama alikifunga kitabu katika karatasi ya plastiki ya dukani. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa haki kabisa, lakini hakuna aliyewaza mtoto atakibeba kitabu katika nini mvua ikimkuta njiani na mbuzi. Maktaba iazimishe mfuko wa turubai pamoja na tikiti, wenye kifuniko kinachokunjika, na nyumbani utundikwe ukutani mbali na jiko na mbuzi wenyewe, ambao hupenda sana karatasi.

Na kitabu kikilowa? Tangu saa ya kulowa kuna takriban saa 48 kabla ukungu haujaanza, na joto likizidi ni chini ya hapo. Hivi ndivyo kazi inavyokwenda. Kitabu kilicholowa tapatapa kisifunguliwe, maana karatasi mbichi huchanika. Kikamuliwe polepole kati ya viganja, kisimamishwe juu ya karatasi isiyo na maandishi, na karatasi hiyo ibadilishwe kila inapolowa. Kikianza kushika nguvu, kurasa zifunguliwe kidogo kidogo kama kipepeo, na karatasi kavu itiwe kila baada ya kurasa 20 hivi, si nyingi mno mgongo usije ukapasuka. Kianikwe kivulini penye upepo. Asikianike mtu juani: karatasi itajikunja, jalada litapinda, na kitabu hakitafungika tena maisha yake. Kikikaribia kukauka kiwekwe chini ya mbao na mawe usiku kucha.

Vitabu vyenye karatasi ya kung'aa, kama vile vitabu vya picha na atlasi, haviwezi kungoja. Kurasa zake zikikauka zimegusana hushikana na kuwa tofali. Hizo zitenganishwe moja moja zingali mbichi. Vikiwa vingi kuliko mikono iliyopo, kuna ujanja mmoja ambao maktaba kubwa za dunia hutumia na ambao hata Kyumbi unawezekana: vitiwe katika friji ya kugandisha, ya mwuza nyama au ya mwenye soda. Kitabu kilichoganda hakioti ukungu wala hakishikani. Kitangoja majuma hadi mkutubi apate nafasi ya kukishughulikia kimoja kimoja. Kwa sababu hii hii nisingependa atlasi wala vitabu vya picha vya karatasi ya kung'aa vitiwe katika kisanduku cha msimu wa mvua. Vibaki garini kwa kiangazi, na punda apewe hadithi za karatasi ya kawaida.

Kwa hiyo waheshimiwa wa bunge la kaunti wakiletewa ombi la maktaba ya kutembea, wasianze na gari. Waulize kwanza ni vituo vingapi ambavyo pikapu hufika mwezi wa Mei, ni nani mwenye mlango ulio wazi mwezi wa Novemba, na kama fungu la vitabu lililotengwa lafikia mara mbili ya vile vinavyobebwa kwa safari moja. Kisha waulize ni nani atakayelipwa kuhesabu kadi kila baada ya siku 14. Kazi hiyo ni ya nusu siku tu, lakini ikiwa haimo katika ratiba ya mtu yeyote haitafanywa, na mwaka wa pili wa huduma hiyo utaanza bila mtu kujua vitabu viko wapi. Bei ya pikapu, masanduku manne ya mbao na trei zake yaweza kupigwa hesabu na fundi yeyote wa Machakos kwa siku moja.